Kadi ya harusi kutoka Kiswahili hadi Kiitaliano: jinsi ya kuitafsiri hatua kwa hatua

Kadi ya harusi ya Kiswahili ukiitafsiri mstari kwa mstari, Mwitaliano ataielewa, lakini ataisoma kama barua ya mgeni. Kila mstari unaweza kuwa sahihi kisarufi na bado kadi nzima ikawa imekosewa, kwa sababu Waitaliano hawaandiki kadi moja kama yetu. Wanaandika mbili, na kila moja ina maneno yake yaliyokwisha kuzoeleka.

Nimewatafsiria ndugu na marafiki kadi za namna hii mara kadhaa, na nimejifunza kwamba kazi kubwa ni kujua nini kiende wapi na nini kiachwe. Kutafuta maneno kwenye kamusi huja baadaye. Nitakuonyesha kwa kadi moja, mwanzo hadi mwisho. Majina ni ya mfano tu: Neema Mushi wa Moshi anaolewa na Andrea Rossi wa Bologna, na ndoa inafungwa huko Bologna. Kadi ya upande wa bibi harusi imeandikwa hivi:

> Familia ya Bwana na Bibi Joseph Mushi wa Moshi inayo furaha kubwa kukualika Bw./Bi./Dkt. .................... katika harusi ya binti yao mpendwa Neema, atakayefunga pingu za maisha na Andrea Rossi, siku ya Jumamosi tarehe 12/9/2026. Ibada ya ndoa itafanyika katika Basilika ya Mtakatifu Dominiko, Bologna, saa 10:00 jioni, na kufuatiwa na tafrija kuanzia saa 1:00 usiku. Kufika kwako ndiyo furaha yetu. "Aliowaunganisha Mungu, mwanadamu asiwatenganishe."

Hatua ya kwanza: igawe kadi mara mbili

Kadi yetu inafanya kazi mbili kwa pamoja: inatangaza kwamba kuna ndoa, na inakuita ule. Kwa Waitaliano kazi hizo zimetenganishwa. Kadi kubwa inaitwa *partecipazione*. Hiyo inatangaza ndoa na kutaja siku, saa na kanisa, na inaweza kutumwa hata kwa watu ambao hawaalikwi kwenye chakula: wafanyakazi wenzako, majirani wa zamani, shangazi wa mbali. Kadi ndogo inaitwa *invito*. Hiyo ndiyo mwaliko wa tafrija, na inawekwa ndani ya bahasha ya wale tu watakaokaa mezani.

Kwa hiyo, kabla ya kutafsiri neno lolote, chukua kalamu na upige mstari kwenye kadi ya Kiswahili. Familia, majina ya maharusi, tarehe, saa ya ibada na kanisa vinakwenda kwenye *partecipazione*. Tafrija, saa yake, ukumbi na ombi la kujibu vinakwenda kwenye *invito*. Jina la mgeni, lile ambalo kwetu tunaliandika kwenye nukta nukta, linahamia kwenye bahasha. Kadi ya Kiitaliano haina nafasi ya kumtaja mgeni ndani.

Ukiichapa kama kadi moja, aliyetumiwa tangazo tu atajiona amealikwa kula. Familia ya bwana harusi ndiyo itakayolazimika kumweleza.

Hapa pia kuna neno la kuchunga. *Partecipazione* si sawa na *pubblicazioni*. Hayo ya pili ni tangazo la kisheria la ndoa, linalobandikwa na manispaa kwa siku 8 ili mwenye pingamizi ajitokeze, na baada yake ndoa inatakiwa kufungwa ndani ya siku 180. Mtu akikuandikia kwamba *pubblicazioni* ziko tayari, anakupa habari za manispaa. Hajasema lolote kuhusu kadi zako.

Hatua ya pili: tafuta kitenzi cha kutangazia

"Inayo furaha kubwa kukualika" ndio moyo wa kadi yetu. Kwenye *partecipazione* mwaliko haupo, kwa hiyo kitenzi kinachohitajika ni cha kutangaza. Cha kawaida ni *annunciano*, yaani wanatangaza. Ukitaka sauti ya kizamani na ya heshima zaidi, upo usemi *partecipano il matrimonio*, na ndio uliozaa jina la kadi yenyewe.

Usemi huu umewanasa wengi. Kamusi itakuambia *partecipare* ni kushiriki, na ni kweli, lakini kushiriki kunadai kihusishi *a*: *partecipare al matrimonio*, kushiriki kwenye harusi. Bila *a*, kitenzi kinageuka kuwa kuwajulisha watu rasmi. Kwa hiyo *i genitori partecipano il matrimonio della figlia* ni "wazazi wanawajulisha ndoa ya binti yao". Ukichomeka *al*, umeandika kwamba wazazi watahudhuria harusi ya mtoto wao, jambo ambalo halihitaji kuchapiwa kadi. Kama huna uhakika na mkono wako, tumia *annunciano* na utakuwa salama.

"Atakayefunga pingu za maisha" usiiguse. Kwetu ni msemo ulioiva, hakuna anayewaza chuma. Ukipeleka pingu kwenye Kiitaliano, msomaji ataona polisi. Neno *matrimonio* limekwisha kubeba maana yote, kwa hiyo baada ya jina la binti unaweka *con*, yaani "na", kisha jina la mume.

Maneno ya upendo kama "mpendwa" na "furaha kubwa" nayo yanaachwa. Najua yanauma kuyaacha, hasa mama wa bibi harusi anapouliza mpendwa wake ameenda wapi. Mweleze kwamba kadi rasmi ya Kiitaliano huonyesha heshima kwa kusema machache, na nafasi nyeupe kuzunguka maandishi ni sehemu ya heshima hiyo. Familia ikisisitiza kuonyesha furaha, tumia *sono lieti di annunciare*, na usizidishe hapo. Angalia tu kwamba *lieti* ni ya wanaume au ya mchanganyiko. Anayetangaza akiwa mama peke yake itakuwa *è lieta*, na wakiwa mama na bibi itakuwa *sono liete*.

Hatua ya tatu: majina na undugu

Hapa ndipo utahitaji kupiga simu nyumbani. "Bwana na Bibi Joseph Mushi" haitafsiriki vizuri, kwa sababu mwanamke wa Kiitaliano hubaki na jina la ukoo wake baada ya kuolewa, na kadi za siku hizi humtaja kwa jina lake mwenyewe. Uliza jina kamili la mama. Kwenye mfano wetu ni Grace Lyimo, basi mstari unakuwa *Joseph Mushi e Grace Lyimo*. Vyeo vyote vinaondoka: Bwana, Bibi, Dokta, Injinia, Mchungaji. Kwetu kumwondolea baba yake cheo kwenye kadi kunaweza kuonekana ni dharau. Huko ni kinyume chake, kadi ya harusi iliyojaa vyeo inaonekana ya kujikweza.

Jina la kwanza hutangulia, la ukoo hufuata. Mpangilio wa ukoo kwanza, *Mushi Neema*, ni wa fomu za serikali na orodha za shule. Na kadi inayotangazwa na wazazi haimwandikii binti yao jina la ukoo, kwa kuwa tayari limeonekana juu. Ni *Neema* peke yake. Anayeandikwa kwa majina yote mawili ni yule anayetoka familia nyingine.

Kisha linakuja neno "mtoto". Kiswahili hakibagui, Kiitaliano kinakulazimisha uchague: *figlia* au *figlio*. Pia amua kama utaweka "wao". Njia safi kuliko zote ni *della figlia*, bila "wao" kabisa, kwa sababu inajulikana ni wa nani. Ukiweka *loro*, lazima kiarifishi, yaani ile *la* iliyojificha ndani ya *della*, kibaki: *della loro figlia*. Mzazi akiandika peke yake kwa nafsi ya kwanza, kiarifishi kinaondoka: *di mia figlia*, kamwe si *della mia figlia*.

Kuna familia ambazo kadi inasema "binti yetu" na kumbe wanaotangaza ni baba mkubwa na mkewe waliomlea. Kwetu si uongo, ni binti yao. Lakini Mwitaliano akisoma *figlia* ataelewa kuwa hao ndio waliomzaa, na siku ya harusi atachanganyikiwa. Waulize wenyewe wanataka ijulikane vipi. Wakitaka undugu halisi utajwe, andika *gli zii annunciano il matrimonio della nipote*. *Zii* hukusanya baba wadogo, wakubwa, wajomba, shangazi na mama wadogo wote kwa neno moja, na *nipote* ni mpwa, mtoto wa ndugu na mjukuu pia. Utajiri wetu wa majina ya undugu hauna mlango wa kuingilia humo. Kubali hivyo, usibuni neno.

Kama mzazi mmoja ni marehemu, kadi yetu humtaja: "binti wa marehemu fulani". Kadi ya Kiitaliano hutangazwa na aliye hai peke yake. Utakutana na neno *fu* kwenye nyaraka za zamani, likimaanisha marehemu baba wa mtu, lakini ni la masijala. Sheria ya mwaka 1955 iliondoa desturi ya kutaja wazazi kwenye vitambulisho na nyaraka za kawaida, na kwenye kadi ya harusi neno hilo lingeleta harufu ya mafaili. Familia inayotaka kumkumbuka marehemu huwasha mshumaa au humwombea wakati wa misa.

Hatua ya nne: saa

Hili limewahi kunipata. Nilitafsiri kadi ya ndugu yangu usiku, nimechoka, na saa 1:00 usiku nikaiacha *alle ore 1*. Aliyeisoma alipiga simu kuuliza kwa nini chakula kinaanza saa saba za usiku wa manane. Kadi zilikuwa hazijachapwa bado, tukashukuru.

Kiitaliano rasmi huhesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane. Saa za asubuhi na mchana za Kiswahili unaongeza 6: saa nne asubuhi ni *ore 10*, saa nane mchana ni *ore 14*, saa kumi jioni ni *ore 16*. Saa za usiku, kuanzia saa moja mpaka saa tano, unaongeza 18: saa moja usiku ni *ore 19*, saa mbili usiku ni *ore 20*. Kwenye mfano wetu ibada ni *alle ore 16.00* na tafrija *alle ore 19.00*. Usiandike "jioni" wala "usiku" baada ya namba, imeshajieleza.

Chunga pia "usiku wa kuamkia". Sherehe ya usiku wa kuamkia Jumapili kwa Mwitaliano ni *sabato sera*, Jumamosi usiku.

Tarehe huandikwa kwa maneno na tarakimu, si kwa mikwaju: *sabato 12 settembre 2026*. Majina ya siku na miezi huanza na herufi ndogo, isipokuwa yakianza mstari. Siku ya kwanza ya mwezi ni *1° maggio*, inasomwa *primo*. Nyingine zote ni namba za kawaida. Kabla ya kuendelea fungua kalenda uhakikishe siku na tarehe vinaoana, maana kosa la kadi ya kwanza huingia kwenye tafsiri bila mtu kuliona. Tarehe 12 Septemba 2026 ni Jumamosi kweli.

Jina la kanisa usilitafsiri kwa kichwa. Tafuta jinsi parokia yenyewe inavyojiandika. Mtakatifu ana sura kadhaa kulingana na herufi inayofuata: *San Domenico*, lakini *Santo Stefano*, *Sant'Antonio*, *Santa Maria*. Bologna peke yake ina San Domenico na Santo Stefano, kwa hiyo mji uleule unadai maumbo mawili.

Hatua ya tano: andika partecipazione

Sasa kadi kubwa inajikusanya yenyewe:

> Joseph Mushi e Grace Lyimo
> annunciano il matrimonio della figlia
> Neema
> con
> Andrea Rossi
>
> Sabato 12 settembre 2026
> alle ore 16.00
> Basilica di San Domenico
> Bologna

Wazazi wa bwana harusi wanaweza kutangaza kwenye karatasi hiyohiyo, upande wa pili, na maneno yanageuka kama kioo: *annunciano il matrimonio del figlio Andrea con Neema Mushi*. Ona jinsi jina la ukoo lilivyohama. Chini kabisa huwekwa anwani za familia zote mbili kwa herufi ndogo, Moshi upande mmoja, Bologna upande mwingine.

Maharusi wakitangaza wenyewe, kama wengi wanavyofanya sasa, mistari mitano ya juu inakuwa *Neema Mushi e Andrea Rossi annunciano il loro matrimonio*. Lakini kama kadi ya Kiswahili inazungumza kwa jina la familia, mimi huwashauri wabaki na wazazi. Mzee aliyetoa binti yake Moshi anapoliona jina lake limesimama la kwanza kwenye kadi ya lugha asiyoijua, anajua hakusahauliwa.

Mstari wa Biblia haukutajwa hapo juu kwa makusudi, kwa sababu una kanuni yake: usiutafsiri. Waitaliano wana tafsiri yao rasmi ya Maaskofu, na waumini wanaukumbuka mstari kwa maneno yale tu. Mathayo 19:6 katika toleo la 2008 ni *Dunque l'uomo non divida quello che Dio ha congiunto*, na rejea huandikwa kwa mkato, *Mt 19,6*, si kwa nukta mbili. Weka juu ya kadi kwa herufi za mlazo, au uuache.

Hatua ya sita: andika invito

> Dopo la cerimonia
> Neema e Andrea
> saranno lieti di festeggiare con voi
> alle ore 19.00
> presso (jina na anwani ya ukumbi)
>
> È gradita gentile conferma
> entro il 31 luglio 2026

"Kufika kwako ndiyo furaha yetu" imeingia ndani ya *saranno lieti*. Ukitaka kuipa uzito zaidi, kuna *saremmo lieti se voleste onorarci della vostra presenza*, "tungefurahi kama mngetuheshimu kwa kufika kwenu". Baada ya *se* kitenzi lazima kiwe *voleste* au *poteste*. *Se vorreste* na *se potreste* ni makosa ambayo hata wenyeji huyafanya wakizungumza, na kwenye kadi iliyochapwa yanabaki miaka yote ndani ya albamu.

Mstari wa mwisho una mtego wa macho. Herufi ya kwanza ni È, yenye alama inayoshuka kutoka kushoto kwenda kulia. Wachapaji wengi wa kwetu hawana herufi hiyo mkononi, wanaweka E na koma ya juu, au É iliyoinamia upande mwingine. Kwenye kompyuta ya Windows, shikilia Alt na uandike 0200 kwa tarakimu za pembeni:

```
Alt+0200
```

Kwenye simu, shikilia herufi E mpaka zijitokeze nyingine. Mpelekee mchapaji faili la PDF ukiwa umekwisha kuiona herufi hiyo ndani yake, usimwachie aiandike upya.

Kuhusu chakula, "tafrija" ni *ricevimento*. Neno *rinfresco* ni vinywaji na vitafunwa vya kusimama, kwa hiyo ukiliandika wageni watakula nyumbani kwanza.

Mchango hauna mahali kwenye kadi hizi. Wala usiliite *contributo*, neno ambalo mfanyakazi wa Italia hulihusisha na makato ya pensheni. Wageni wa huko hutoa bahasha, *busta*, au hununua kitu kwenye orodha ya zawadi, *lista nozze*, na habari hiyo hupitishwa kwa mdomo au kwenye karatasi ya pembeni.

Sendofu, jambo lisilokuwepo kwao

Familia ya Mushi inafanya sendofu Moshi tarehe 29 Agosti, na wanataka wakwe watarajiwa waje. Kamusi itakupa *commiato* kwa "kuaga". Kaa nalo mbali: chumba cha kumuagia marehemu huitwa *sala del commiato*. Neno *addio al nubilato* nalo ni usiku wa marafiki wa kike, hauna wazazi wala baraka. Kilichobaki ni kueleza jambo lenyewe kwa sentensi nzima:

> La famiglia Mushi
> sarà lieta di accogliervi a Moshi
> sabato 29 agosto 2026 alle ore 19.00
> alla festa che, secondo la tradizione,
> la famiglia offre alla sposa prima delle nozze

"Kwenye sherehe ambayo, kwa mila, familia humfanyia bibi harusi kabla ya ndoa." Ni ndefu kuliko neno "sendofu", lakini mama mkwe akiisoma ataelewa anakwenda kushuhudia nini. Taja saa za Tanzania. Mwezi Agosti Moshi iko mbele ya Bologna kwa saa moja.

Hatua ya mwisho: bahasha

Jina la mgeni sasa linapata mahali pake, kwa mkono na kwa wino. Familia nzima ni *Gentile Famiglia Bianchi*. Mwanamke peke yake ni *Gent.ma Sig.ra* na jina, mwanamume *Gent.mo Sig.* na jina. Kadi ambayo kwetu ni ya watu wawili inaandikwa majina yote mawili, mume na mke. Ule mtindo wa zamani wa *e Signora* unamwacha mke bila jina, na mke asiye na jina kwenye bahasha hulikumbuka jambo hilo. Ukiandika jina la mtu mmoja, ameitwa mmoja. Watoto wakialikwa, ongeza *e famiglia*.

Bahasha ziondoke miezi miwili hadi mitatu kabla ya siku. Zinazotoka Tanzania zipewe muda zaidi, au zichapwe Bologna, na wazee wa Moshi watumiwe nakala zao wazishike mkononi.